Napima kila kitu, jumla ya makro bado hainiingii akilini. Nakosea wapi?

Binti_Majengo (Moshi):
Habari zenu wakuu. Mwezi wa pili sasa naandika protini, wanga na mafuta ya kila ninachokula. Mizani yangu ya jikoni inasoma gramu nzima nzima. Nikishakokotoa makro za kila chakula, kwenye daftari nakata desimali ili hesabu iwe nyepesi, protini 6.7 naandika 6. Kwa siku naandika mara kumi na nane hivi. Jumla inakuja kalori 1,800, lakini uzito umegoma kushuka. Ninunue mizani ya desimali?

Mzee wa Mtori:
Hapana, usitupe hela. Makosa madogo hufutana, hili likipanda lile linashuka.

Kahawa Chungu:
Shikamoo mzee. Hufutana pale 6.7 inapokuwa 7 na 6.3 inapokuwa 6. Dada yeye anakata tu, kwa hiyo kila kosa linashuka. Kila anapokata anapoteza kama nusu gramu, mara kumi na nane ni gramu 9 za protini, 9 za wanga na 9 za mafuta. Kwa kalori ni 36, 36 na 81, yaani 153 kila siku zisizoonekana daftarini. Angekadiria kwa namba iliyo karibu, kosa la siku lingekuwa gramu moja au mbili tu kwa kila kirutubisho. Dada, weka desimali zako zote, kadiria mwishoni kwenye jumla.

Sakina Fiti (Arusha):
Mizani ni janga! Buchani kwetu kilo moja ya nyama nikiipima nyumbani haifiki.

Kahawa Chungu:
Hilo ni la mfuko wako, mkuu. Kama unaipima tena nyumbani, makro zako ziko salama.
Binti, mafuta ya kupikia unayapimaje?

Binti_Majengo:
Kijiko kimoja, naandika gramu 10. Nikimimina taratibu juu ya mizani haisogei kabisa.

Kahawa Chungu:
Mizani nyingi za bei ndogo zikiongezewa kidogo kidogo hukaa palepale. Pima chupa kabla ya kumimina, ipime tena baada, kisha toa. Na ugali upime unga mkavu: unga 300 ukitoa ugali 900, sahani yako ya 420 ina unga 140.

Binti_Majengo:
Jamani! Leo chupa imetoka 612 ikawa 591. Gramu 21, na mimi ningeandika 10. Ila mchicha tumekula watatu, na mafuta mengine yamebaki sufuriani.

Mzee wa Mtori:
Gawa kwa tatu, mwanangu.

Kahawa Chungu:
Pima mchicha wote, upime na wako, ugawe kwa uwiano huo. Ya chini ya sufuria hata mimi nakisia tu, ndiyo maana jumla yangu naisoma kwa hamsini hamsini: 1,830 kwangu ni 1,850.

Sakina Fiti (Arusha):
Kwetu hayabaki, tunafuta kwa ugali.