Naomba ushauri: rufaa ya duka langu la mtandaoni lililofungiwa

Habari zenu wakuu. Soko la mtandaoni ninakouzia viatu vya mtumba limefungia akaunti yangu kwa makosa matatu, nami naandaa rufaa. La kuchelewesha mizigo nalikiri, kwani oda 6 zilitoka siku 2 baada ya muda. La pili ni kudaiwa kuwa nina akaunti mbili, ila hiyo nyingine ni ya mdogo wangu. Tunatumia intaneti moja, lakini leseni na benki ni tofauti. Linaloniumiza ni tuhuma ya bidhaa bandia: viatu ni halisi, ila risiti ya belo imeandikwa tu “viatu, kilo 25”, bila chapa. Je, niiambatanishe pamoja na picha za lebo ya ndani yenye namba ya modeli, au niviondoe dukani, ingawa nahofia kuviondoa kutachukuliwa kuwa nimekiri?