Tupeane uzoefu: mwenza yuko nje, amepoa au amechoka?

Mama Wawili: Habari zenu wakuu. Mume wangu yuko Minnesota tangu Februari, anahudumia kwenye nyumba ya wazee, shifti ya saa tisa mchana hadi saa tano usiku. Alikuwa akitoka tu ananipigia, kwangu ni saa moja asubuhi, tunapiga stori mpaka nifungue duka saa mbili. Tangu Novemba anapiga nikiwa na wateja, nisipopokea harudii. Mliopitia haya, mlijuaje?

Kaka wa Buza: Anayekupenda hakosi dakika mbili. Wangu yuko Doha, saa zao ndizo zetu, na hii wiki ya tatu kimya. Jibu ninalo.

Bi Kerege: Kaka, saa si kisingizio kweli, ila kama ni kazi za ndani, ulizia kwanza simu anashika nani.

Mama Wawili, Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa nyuma. Mlikuwa mmepishana saa 8, sasa ni 9. Saa tano usiku yake ni ile ile, ila kwako imeshakuwa saa mbili. Mimi na wangu tuligombana msimu mzima ndipo tukashtuka. Halafu Desemba kule jua linazama kama saa kumi na nusu jioni. Wangu alikuwa anapokea simu, kamera kazima, kimya. Nikajua ana mtu. Kumbe alikuwa analia.

Siku hizi sihesabu simu. Nasikiliza kama bado ananilalamikia: baridi, bosi, unga mbovu. Aliyekwisha kujitoa yeye ni "niko poa" tu, wala haulizi mtoto kapona au la. Mpe muda mwingine, saa nne asubuhi kwake kabla ya kazi, kwako saa moja jioni. Tazama wiki mbili.

Mwana Tanga: Wangu alilalamika kila siku Mungu aliyoileta, na hela haikupita tarehe 5. Kumbe ana mtoto huko. Hicho kipimo chako, Bi Kerege, mimi kilinidanganya.

Msaka Tonge: Samahani, hiyo nyumba ya wazee wanachukua bila cheti? Naomba konekisheni.

Dada wa Deira: Mimi ndiye niliyeondoka, niko Dubai. Huku simu za WhatsApp hazipiti, meseji za sauti ndizo zinazopita. Mume alikuwa anahesabu simu nisizopiga, sauti nilizotuma hata hajazifungua.

Mama Wawili: Nimeangalia simu nilizokosa. Karibu zote ni saa mbili na dakika kumi, kumi na tano. Nimemwandikia kuhusu saa moja jioni, kajibu "sawa". Mdogo ana homa tangu juzi na nilimwambia. Bado hajauliza.