Kozi ya forodha miezi 3 au ya data wiki 12, ipi inaleta ajira kweli?

Mbagala_Kwetu: Wakuu, nina laki nane. Chuo kimoja Kariakoo kinafundisha uwakala wa forodha miezi 3, kingine Sinza kinafundisha data wiki 12. Wote wanasema "ajira uhakika". Nilipe wapi? Mwisho Ijumaa.

Bi_Hesabu: Umesoma mpaka wapi? Kazi gani umewahi kufanya? Hujasema lolote.

Kigogo_Mmoja: Dar hii ni kujuana tu. Hiyo laki nane fungua genge.

Mzee_Pwani: Angalia usajili wa NACTVET. Chuo kikiwa nao, mwajiri hana neno.

Bi_Hesabu: Mzee wangu, nusu ya hilo ni kweli. Chuo chenye usajili kinaweza kuendesha kozi fupi ambayo mwisho wake ni karatasi ya kuhudhuria tu.

Mwanzisha mada, weka kipeperushi pembeni. Chukua matangazo 20 ya kazi ya mwezi huu, ya Ajira Portal na ya kampuni binafsi. Kwa kila moja andika elimu, miaka ya uzoefu, na cheti kinachotajwa kwa jina. Mdogo wangu alitaka hiyo ya data, tukahesabu: 15 yalitaka digrii, 12 yalitaka uzoefu wa miaka 2 kuendelea, na hakuna lililotaja cheti cha kozi fupi. Excel na SQL zilikuwemo, ila kama nyongeza juu ya digrii. Yeye ana kidato cha nne, tukaachana nayo. Mwenye digrii ya takwimu ningemwambia aende.

Kwenye forodha tazama kama wanataja EACFFPC, kile cheti cha Afrika Mashariki ambacho hapa kinafundishwa na Chuo cha Kodi. Waulize wa Kariakoo: nikimaliza nina cheti hicho, au karatasi yenu?

Mama_Twins: Mimi nilipita hukohuko kwenye forodha, chuo sikitaji. Baada ya kozi walitupeleka kwa wakala mmoja, tukawa watu wa kubeba nyaraka kwenda bandarini miezi 2, nauli juu yetu. Kundi jipya lilipofika tukaambiwa asanteni. Wiki ile ile naona picha yangu kwenye tangazo lao, chini imeandikwa "ameajiriwa". Nilipopiga simu walinijibu, "si tulikupeleka kazini, dada?"

Kigogo_Mmoja: 😂😂 Kujuana, nimesema.

Mbagala_Kwetu: Nina kidato cha nne, na VETA nilisoma udereva.

Mzee_Pwani: Kumbe dereva! Leseni yako inabeba lori? Malori ya Tunduma hayakosi watu.

Mama_Twins: Hayo nayo wanataka uzoefu, mzee. Mume wangu amezungushwa mwaka mzima.

Mbagala_Kwetu: Ya gari dogo tu. Nimehesabu matangazo 9 ya forodha hadi sasa, 4 yametaja hicho cheti. Wa Kariakoo nimewauliza kwa meseji, tiki za bluu zipo, jibu hakuna.