Naomba ushauri: skrini ya simu ya mama imejaa hadi haoni M-PESA

Binti_wa_Umoja
Hamjambo wanajukwaa. Mama yangu ana miaka 63 na anauza nguo za mitumba Gikomba. Simu yake ni Samsung Galaxy A15. Ukurasa wa kwanza umejaa aikoni, tano kila mstari, na nyuma yake kuna picha ya arusi ya kaka yangu: juu anga jeupe, chini suti nyeusi na maua. Jana mteja akiwa amesimama pale, mama alifungua programu ya benki mara mbili akidhani ni M-PESA. Mwishowe akampa jirani wa kibanda simu amtafutie. Hilo limeniuma sana, kwa sababu simu yenye pesa haipaswi kuzunguka mikononi mwa watu. Hata saa ya kwenye kufuli haisomeki. Tarakimu ni nyembamba na zimekaa juu ya lile anga. Nianzie wapi?

Mtu_wa_Ngara
Simu ikijaa futa video za WhatsApp, dada. Yangu ilikuwa inakwama hivyo hivyo.

Binti_wa_Umoja
Nafasi ipo, kaka. Kilichojaa ni ule uso wa skrini.

Mwalimu_Rongai
Ingia Settings, kisha Display, halafu Font size and style, uvute maandishi yawe makubwa. Mimi nilifanya hivyo na miwani nikaiweka kando.

Fundi_wa_Luthuli
Mwalimu, hiyo inamsaidia akisoma ujumbe. Kwenye skrini ya mwanzo, majina marefu ya programu yatakatwa katikati, na aikoni zenyewe zitabaki vile vile.

Dada, anza na picha. Simu hupima kama wolpepa ni nyeupe au nyeusi, ndipo ichague rangi ya majina yaliyo chini ya aikoni. Picha yenu ni nusu kwa nusu, kwa hiyo rangi yoyote itakayochaguliwa, upande mmoja majina yatamezwa. Usiifute, mama ataumia. Iache kwenye kufuli peke yake, na kwenye Home screen weka rangi moja tupu. Kama huna picha ya rangi moja, laza simu chali mezani upige picha kwa kamera ya nyuma: itatoka nyeusi tii.

Halafu bonyeza mahali patupu kwenye skrini bila kuachia, ingia Settings, kisha Home screen grid, uchague 4x5. Safu zikipungua, aikoni zinakua zenyewe. Ila nafasi zinabaki 20, kwa hiyo zilizozidi zitahamia ukurasa wa pili. Mama akikwambia programu imepotea, tazama vile vitone vya chini: vikiongezeka, imehama tu. Kama aikoni hazisogei, zima Lock Home screen layout. Zima pia Add new apps to Home screen, la sivyo baada ya mwezi utarudi ulipoanzia.

Kwa saa, bonyeza skrini ya kufuli bila kuachia, weka PIN, kisha iguse saa yenyewe. Chagua mtindo wenye tarakimu nene, na rangi iliyo kinyume na anga la picha.

Nyanya_wa_Kangemi
Mimi nina iPhone, wajukuu wameniletea. Je, na mimi naweza?

Fundi_wa_Luthuli
Unaweza, mama. Ikiwa na iOS 18 au zaidi, bonyeza patupu bila kuachia, gusa Edit, kisha Customize, halafu Large. Aikoni zitakua na majina ya chini yataondoka, kwa hiyo hakikisha unazijua kwa sura.

Mwalimu_Rongai
Lakini fundi, nyeusi tii kwenye jua la Gikomba? Skrini nyeusi juani inakuwa kioo, unajiona uso wako.

Fundi_wa_Luthuli
Hapo umenena, mwalimu. Kibandani ndani nyeusi ni nzuri. Nje kwenye jua, rangi nyepesi kama kijivu cheupe husomeka zaidi. Inategemea anakaa wapi.

Binti_wa_Umoja
Asanteni. Nimemaliza jioni hii. M-PESA nimeiweka mstari wa chini kabisa, pale isipohama ukibadilisha ukurasa, na programu ya benki nimeipeleka ukurasa wa pili ili zisikae jirani. Zimebaki aikoni nane tu. Kwenye kufuli ilibidi niishushe picha kidogo, maana saa nene ilikuwa imekaa juu ya uso wa bibi arusi.

Nimempa simu bila kumwambia kitu, akaifungua M-PESA mara ya kwanza. Kisha akauliza, "Na tochi mmeipeleka wapi?" Nimemrudishia. Kibanda chake asubuhi kina jua na alasiri kina kivuli, kwa hiyo kesho ataanza na ya kijivu, kesho kutwa nyeusi. Nitarudi kuwaambia ameshika ipi.