Ushauri wakuu: notifikesheni za kubeti zinanimaliza, nazizimaje?

Mgeni wa Tegeta
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa kitaalamu, matusi nitayapata kwingine. Simu yangu ni Tecno, Android 13. Kuna kampuni ya kubeti inanitumia notifikesheni tano sita kwa siku. Asubuhi "zawadi yako inakusubiri", mchana odi zimepandishwa, usiku mechi inaanza baada ya dakika kumi. Juzi nimeifuta programu yao kabisa, lakini bado zinaingia. Meseji ndiyo usiseme. Nazizimaje zote?

Kijiko Kidogo
Zima simu mkuu. Kesi imefungwa.

Mzee wa Kanzu
Kijana, shida yako si simu, ni kamari yenyewe. Acha, utalala vizuri.

Bi Tausi
Mzee kaulizwa kitu kimoja, kajibu kingine. Mdogo wangu, kila meseji ikiingia ijibu neno STOP, wanakutoa kwenye orodha yao. Kwa notifikesheni, ukishafuta programu zinakwisha zenyewe, labda hukuifuta vizuri.

Fundi Skrini
Bi Tausi, hapo kwenye meseji utampotezea muda. Meseji inayoonyesha jina la kampuni badala ya namba ya simu haijibiki. Hilo jina ni lebo tu, hakuna laini nyuma yake ya kupokea STOP yako. Asome mwisho wa meseji yenyewe, mara nyingi kuna menyu ya kupiga au kiungo cha kujitoa. Kama hakuna, abonyeze meseji kwa muda mrefu kisha Block. Itafanya kazi mpaka watakapobadilisha jina la mtumaji, na hubadilisha.

Kuhusu notifikesheni: mgeni, ikiingia nyingine usiifute. Iangalie pale juu. Naweka dau kuwa utaona neno Chrome na anwani ya tovuti kwa maandishi madogo. (Samahani kwa neno dau.)

Mgeni wa Tegeta
Mkuu ni kweli! Imeandikwa Chrome. Sasa inakuwaje?

Fundi Skrini
Ni kwamba kabla ya programu uliwahi kuingia kwenye tovuti yao, kikatokea kiboksi cha Allow, ukabonyeza ili kiondoke. Tangu siku hiyo Chrome ndiyo inayowabebea. Programu ni mlango mmoja, Chrome ni mwingine, wewe umefunga mmoja.

Fungua Chrome, vitone vitatu, Settings, Site settings, Notifications. Utaona orodha ya tovuti ulizoziruhusu. Iguse ya kwao, weka Block. Usiishie hapo, pitia orodha nzima, kwa sababu kampuni hizi mara nyingi huwa na anwani zaidi ya moja. Halafu hapo hapo juu zima ile swichi inayoziruhusu tovuti kukuomba, la sivyo wiki ijayo utabonyeza Allow nyingine bila kujua.

Sasa swali. Umefuta programu, unataka kimya. Akaunti umeifunga?

Mgeni wa Tegeta
Akaunti ipo tu mkuu, haina shida. Nimefanya ya Chrome, asante sana.

Fundi Skrini
"Ipo tu" maana yake nini? Ina salio?

Chagu wa Geita
Wakati tunamsubiri, na mimi naomba kuuliza. Mimi sibeti, ila kuna programu ya mikopo inanipongeza kila wiki kwamba "kiwango chako kimeongezwa". Nayo inazimwa hivyo hivyo?

Fundi Skrini
Chagu, hiyo ni rahisi zaidi. Notifikesheni ikiingia ibonyeze kwa muda mrefu, gusa alama ya gia, utaona zimegawanywa kwa mafungu. Zima fungu la matangazo, acha la kumbusho la marejesho, usije ukachelewesha deni. Wakiwa wamechanganya vyote kwenye fungu moja, na wengine hufanya hivyo makusudi, zima zote na uandike tarehe ya kulipa kwenye kalenda ya simu.

Mgeni wa Tegeta
Haya, niseme. Kuna bonasi sijaimaliza. Niliweka 50,000 wakanipa 50,000 juu yake. Sharti ni kuzungusha mara 4 jumla ya vyote ndani ya siku 7, mkeka uwe na mechi tatu au zaidi, kila mechi odi 1.50 kwenda juu. Nimeshazungusha 260,000, zimebaki siku 3. Kwenye tovuti kuna mstari wa kijani umefika asilimia 65. Nilitaka nizime makelele, nimalizie kwa utulivu, nitoe hela, ndipo nifunge. Kuacha sasa hivi ni kuwazawadia.

Bi Tausi
Hiyo 50,000 ilikuwa ya nani?

Mgeni wa Tegeta
Ya kikoba. Jumapili natakiwa kuirudisha. Ndiyo maana nasema nimalizie, nimebakiza kidogo.

Kijiko Kidogo
Kumbe notifikesheni hazina kosa jamani, tuziombe radhi.

Fundi Skrini
Tupige hesabu polepole. Chukua mechi ambayo pande mbili zina nafasi sawa kabisa. Haki ingekuwa odi 2.00 kila upande. Wao wanaweka 1.90. Hapo kila shilingi 100 unayoweka, kwa wastani inarudi 95. Tuseme makato ya mechi zako nyingine ni kiasi hicho hicho. Wamekulazimisha mechi tatu kwa mkeka, kwa hiyo makato yanazidishana: 0.95 mara 0.95 mara 0.95 ni kama 0.857. Kila 100 inarudi 86, kasoro kidogo. Ndiyo maana sharti ni mechi tatu, si moja.

Jumla ya kuzungusha ni 400,000. Kwa wastani utaacha kwao kama 57,000. Bonasi ilikuwa 50,000. Umeona nani kampa nani zawadi?

Sasa hivi una salio gani? Nataka namba mbili: salio halisi na salio la bonasi.

Mgeni wa Tegeta
Halisi 46,000. Bonasi 15,000. Jumla 61,000.

Fundi Skrini
Umebakiza 140,000 za kuzungusha. Kwa wastani hizo zitakula 20,000. Unabaki na 41,000. Ukitoa leo bonasi inakufa, lakini unaondoka na 46,000. Na wastani unakuficha jambo: kwa mikeka ya 5,000 ni mikeka 28, mingi itachanika mfululizo, na ukifika sifuri njiani au muda ukiisha, ile 41,000 nayo hakuna. Kabla ya kutoa soma masharti kama kutoa kunagusa bonasi peke yake. Pia angalia kama tiketi ulizouza kabla ya mechi kuisha zimehesabiwa, sehemu nyingi hazihesabiwi, na mstari wa kijani hausemi.

Huo mstari ndio tangazo kubwa kuliko notifikesheni zote. Umekufanya uangalie asilimia 35 iliyobaki, usiangalie 46,000 iliyopo.

Mgeni wa Tegeta
Lakini mimi nachagua mechi vizuri, sibahatishi. Wiki iliyopita nilipata mikeka minne. Angalieni wenyewe.
[picha ya skrini]

Mzee wa Odi
Mkuu hiyo kampuni inatoa 100% kweli? Ni ipi? Tupe jina.

Daftari Jekundu
Subirini kidogo. Kuzeni hiyo picha, kona ya chini kulia. Kuna msimbo wa kualika rafiki. Anayejisajili kwa msimbo huo, mwenye msimbo anapata bonasi. Mtu analia uzi mzima, kisha anatupia picha yenye msimbo, na dakika mbili baadaye kuna anayeuliza jina la kampuni. Wakuu, hii ni chai, na sukari imezidi.

Kijiko Kidogo
Mimi chai nakunywa lakini sijisajili.

Mgeni wa Tegeta
Jamani! Huo msimbo upo kwenye kila tiketi, wanauweka wao, hata sikuuona. Nimeifuta picha.

Daftari Jekundu
Unafuta baada ya kukamatwa. Na jana kwenye uzi wa simu ulisema unatumia aifoni.

Mgeni wa Tegeta
Ni ya mke wangu ndiyo niliyokuwa naulizia!

Fundi Skrini
Daftari anaweza kuwa sahihi, sijui. Ila kuhusu msimbo mgeni anasema kitu cha kweli: tiketi nyingi zikishirikishwa hubeba msimbo wa aliyeshirikisha. Ukirusha mkeka ulioshinda kwenye kundi la WhatsApp, tayari wewe ni bango. Hesabu ya bonasi inabaki ile ile, awe mkweli au mwongo.

Kwa wanaotaka kufunga milango iliyobaki. Matangazo ya YouTube na Google: ingia myadcenter.google.com, Customize Ads, Sensitive, zima Gambling. Yatapungua, hayataisha. Tovuti zenyewe: fungua akaunti ya bure ya NextDNS, kwenye Parental Control ongeza kundi la Gambling, kisha ile anwani yako nenda uibandike kwenye simu, Settings, Network & internet, Private DNS. Iko hivi, mwanzo ni namba yako:

```
abc123.dns.nextdns.io
```

Kwenye Tecno unaweza kuikuta sehemu tofauti, andika "Private DNS" pale pa kutafuta ndani ya Settings. Jaribu kufungua tovuti yao, ikigoma, imeshika. Ikifunguka, angalia kama umewasha VPN au unatumia Opera Mini, hizo zinapita pembeni. Na kubeti kwa menyu ya simu bila intaneti hakuzuiliki kwa njia hii kabisa.

Jirani wa Mombasa
Huku Kenya kwa laini ya Safaricom tunapiga *456*9*5# kusimamisha meseji za matangazo. Nyinyi huko hamna kitu kama hicho?

Bi Tausi
Kila mtandao na menyu yake jirani. Ila tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Unaiandikia kampuni kwamba hutaki namba yako itumike kwa matangazo ya biashara, wakikaidi unalalamika kwa Tume. Andika kwa baruapepe ili ubaki na ushahidi.

Fundi Skrini
Hapo nakubaliana nawe. Na barua hiyo itaje vitu viwili kwa majina: kuondolewa kwenye matangazo, na kujizuia kucheza, kwao wanaita Self-exclusion. Ukifunga akaunti kawaida tu, mara nyingi inafunguliwa kwa ombi moja, na namba yako inaweza kubaki kwenye orodha ya meseji.

Mgeni wa Tegeta
Nimetoa 46,000, imeingia kwenye simu. Nina upungufu wa 4,000 wa kikoba, hiyo nitaitafuta. Lakini haijapita nusu saa wamenitumia meseji: "Tumekukumbuka! Beti ya bure ya 5,000, mwisho leo saa 6 usiku." Hii si ya bure kweli? Sitaweka hata senti yangu.

Fundi Skrini
Soma kama mtaji wa beti ya bure unarudi. Kwa kawaida haurudi. Kwenye odi 1.50 ukishinda unapata 2,500, si 7,500, na hiyo 2,500 inaweza kuwa na sharti lake la kuzungusha.

Mgeni wa Tegeta
Na nikiweka odi 1.80? Nipate 4,000 kamili?

Daftari Jekundu
Mnaona?

Mzee wa Odi
Usiku kuna mechi nzuri ya 1.80.

Bi Tausi
Mgeni, ile barua ya kujizuia umeshaituma?