Tupeane uzoefu: mtoto akinywa mafuta ya taa, mlifanya nini?

Mama Wawili
Naanza mimi. Mwanangu alikuwa na mwaka na miezi saba. Mafuta ya taa niliyaweka kwenye chupa ya soda chini ya meza, kosa langu. Nilisikia tu anapaliwa. Nikakuta chupa imelala, fulana imelowa kifuani, mdomo unanuka. Alikohoa dakika chache, akanyamaza, akataka kuendelea kucheza. Mimi nikaona nisisubiri: nikamtia kidole kooni, nikamnywesha na maziwa. Akatapika mara mbili. Baada ya saa nne hivi alikuwa anahema mbiombio, pua zinatanuka, kila akishusha pumzi anaguna. Tukalazwa siku tano, oksijeni juu. Swali la kwanza la daktari: "Nani kamtapisha?" Leteni na ya kwenu.

Mzee Kipara
Pole mama. Ila maziwa hayakuwa kosa, maziwa yanaua sumu. Sisi tumekuzwa hivyo. Kosa ni kidole.

Nesi wa Usiku
Kwenye kidole uko sahihi mzee, kwenye maziwa hapana. Mafuta ya taa yakishatulia tumboni kwa kawaida hayana fujo kubwa. Adui ni njia ya hewa. Ni mepesi kuliko maji na yanatambaa upesi sana, kwa hiyo hata mililita moja ikiteleza kwenda mapafuni inatosha kuyaunguza. Mtoto akitapika, mafuta yanapita tena pale pale koo na njia ya hewa zinapokutana. Na maziwa mengi yanajaza tumbo, tumbo likijaa linarudisha.

Yakitokea kwangu ningefanya hivi: namvua nguo zilizolowa, namwosha ngozi kwa sabuni na maji, maana mafuta yanababua na mvuke wake anaendelea kuuvuta. Namfuta mdomo. Simpi kitu. Nampakata akiwa amekaa, na akitapika mwenyewe namlaza ubavu, kichwa chini kidogo ya nyonga, yatoke nje. Kisha hospitali, chupa mkononi.

Baba Pacha
Wa kwangu alikohoa mara moja tu, nikaenda hospitali, wakasema kaeni hapa saa sita. Picha ya kifua hawakupiga papo hapo. Nilikasirika kweli, nikaona wanatupuuza.

Nesi wa Usiku
Hawakukupuuza. Picha ya mapema inaweza kuonekana safi wakati mapafu ndiyo kwanza yanaanza kuvimba. Zile saa sita ndizo zinazosema. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, mhesabie pumzi dakika nzima akiwa ametulia, halii. Zikifika 40 au zaidi, au ngozi ya chini ya mbavu ikibonyea ndani akivuta hewa, hapo kuna kazi. Kusinzia kusiko kwa kawaida pia ni dalili mbaya.

Chausiku
Samahani, wangu kameza sarafu juzi, nimtapishe au nisimtapishe?

Nesi wa Usiku
Usimtapishe. Mpeleke akaangaliwe imekwama wapi, hata kama anacheza. Na kama huna hakika ni sarafu, ikawa ile betri bapa ya saa, usingoje hata dakika.

Dada Mkubwa
Kwangu ilikuwa dawa ya madoa, ile ya klorini. Alilamba kidogo, midomo ikawa myekundu. Jirani akaja na maji ya chumvi eti atapike, nikamzuia mlangoni. Nilimsafisha mdomo, nikampa maji mafunda machache. Hospitali wakasema sawa.

Nesi wa Usiku
Ulifanya vizuri kumzuia. Kinachounguza kikishuka kinaunguza tena kikipanda, na chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mtoto. Mafunda machache ya maji sawa, ilimradi anameza vizuri na hatoi udenda mwingi.

Mzee Kipara
Na vidonge je? Vile si mafuta wala haviunguzi. Si bora vitoke?

Nesi wa Usiku
Mzee, kidole hakitoi vyote, na mtoto anaweza kusinzia ghafla kwa dawa yenyewe, akatapika hajitambui, akapaliwa. Chukua pakiti, hesabu vilivyobaki, nenda. Vya kuongeza damu naviogopa kuliko vyote: mtoto anatapika, anaharisha, kisha anapata nafuu ya saa kadhaa, watu wanarudi nyumbani wakishukuru. Kumbe chuma kinaendelea kuharibu ini.

Mama Wawili
Nesi, nijibu kweli. Nisingemtapisha, tusingelazwa?

Nesi wa Usiku
Siwezi kukuambia. Alipaliwa kabla hujamgusa, huenda mafuta yalishaingia hapo hapo. Kutapika kuliongeza hatari, ila kiasi gani, hakuna wa kupima.

Baba Pacha
Sasa anaendeleaje?

Mama Wawili
Ana miaka minne, anakimbia. Akipata mafua tu nakaa naye usiku nikihesabu pumzi.