Naomba ushauri: kamera ya getini inahesabu magunia, lakini siiamini

Wakuu, habari za kazi. Ninasimamia stoo ya mchele hapa Igoma, Mwanza. Kamera ya getini inaliona fuso likipakiwa, na programu imechora mstari mmoja kwenye picha karibu na bodi. Gunia likivuka mstari, linahesabiwa.

Jumatatu hati ya mzigo ilisema magunia 240, programu ikasema 247. Nilikaa nikaitazama video yote. Mara 11 kuli alivuka mstari, akarudi nyuma kumpisha mwenzake kwenye ubao, kisha akavuka tena, na gunia likahesabiwa mara mbili. Magunia 4 hayakuhesabiwa kwa sababu makuli wawili walipita wamebanana na kamera ikaona gunia moja. Toa 11, ongeza 4, unapata 240. Hati ilikuwa sahihi.

Kilichoninyima usingizi ni Jumanne. Hati 240, programu 240, nikasaini. Mteja akapokea 238. Kurudia video: 5 yamehesabiwa mara mbili, 3 yamerukwa. Makosa yalikaribia kufutana, na yale mawili yaliyobaki yakaficha upungufu wenyewe.

Nafikiria kuchora mistari miwili, gunia lihesabiwe mara moja tu likivuka wa kwanza kisha wa pili. Naona itatibu kurudi nyuma, ila si kubanana. Je, kamera niipandishe iangalie ubao kutoka juu, au niwaagize makuli wapande mmoja mmoja? Aliyewahi kufanya, anisaidie.